Kuuliza swali kwa Kifaransa: njia tatu, kuanzia kupandisha sauti mpaka ile -t- inayosumbua kila mtu

Kila kundi jipya la Kifaransa likianza, maswali ni yaleyale. Kwa nini kitabu kinasema *Parlez-vous français ?* halafu Mkongo niliyekutana naye kasema *Vous parlez français ?* na mwingine kaanza na *est-ce que*, sasa nani kapatia? Wote wamepatia. Zikipita wiki mbili tatu linakuja lile jingine, kwamba hii t iliyokaa katikati ya *a-t-il* imetoka wapi wakati kwenye *il a* hakuna t yoyote. Nimekuwa nikijibu vipandevipande kwenye WhatsApp, leo naandika yote sehemu moja, anayeuliza nitakuwa namtumia hii.

Mfano wetu mkuu utakuwa mmoja mpaka mwisho: unasafiri kwenda Bujumbura na unatafuta chumba gesti. Utauliza kama wana chumba, kama kuna neti, kama kuna pa kuegesha gari, na kadhalika. Ukiweza kuuliza hayo kwa njia zote tatu basi maswali mengine utayatengeneza mwenyewe.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Viwakilishi vyote kichwani: *je, tu, il, elle, on, nous, vous, ils, elles*. Wengi wanairuka *on*, usiiruke, maana kwenye maswali inatokea sana. Ni "sisi" ya kuongea au "mtu yeyote tu".
- Wakati uliopo wa *être, avoir, aller, pouvoir* na vitenzi vya -er kama *parler*. Kama unaweza kuandika *il est, il a, il va, il peut, il parle* bila kuchungulia daftari, inatosha. Kama huwezi, rudi kwanza huko, kwa sababu hatua ya 5 yote inategemea herufi ya mwisho ya kitenzi na ukikosea herufi hiyo utakosea kila kitu.
- Simu yenye kurekodi sauti. Hii ni ya hatua ya 2, na usiseme utajisikiliza kichwani, haisaidii.
- Kibodi ya Kifaransa kwenye simu, na ujue kistari kifupi kiko wapi. Ni kile kifupi cha kawaida, sio kile kirefu cha kutenganisha maneno.

Matamshi nitayaandika kwa herufi zetu, ni makadirio tu, usiyachukue kama msahafu. Na utaona naacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza kwenye sentensi za Kifaransa, sijakosea kuchapa, Ufaransa ndivyo wanavyoandika.

Hatua ya 1: Andika sentensi ya kawaida kwanza

Usianze na swali. Anza na taarifa, ile ambayo ungeisema kama unajua jibu:

*Vous avez une chambre.* (Mna chumba.)

Njia zote tatu zinatokea hapa. Anayejaribu kurukia swali moja kwa moja ndo anaishia na vitu kama *Est-ce que avez-vous*, kwa sababu kachanganya njia mbili kichwani kabla hata hajajua sentensi yake ni ipi. Kwa hiyo andika taarifa, hakikisha kitenzi kimekaa sawa na mtendaji, ndo uendelee.

Hatua ya 2: Njia ya kwanza, pandisha sauti mwishoni

Hapa hubadilishi neno hata moja.

*Vous avez une chambre ?*

Kwa sisi wa Kiswahili hii ni rahisi maana tunafanya hivyohivyo, "Mna chumba." na "Mna chumba?" maneno ni yaleyale, sauti tu. Lakini kuna mtego, na mtego wenyewe unatoka kwenye Kiswahili chetu. Sisi mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, CHUmba, moMBAsa, na tukiuliza sauti inapanda hapohapo halafu inashuka kidogo kwenye silabi ya mwisho. Kifaransa hakitaki kushuka huko. Sauti inapanda kwenye silabi ya mwisho kabisa ya sentensi na inabaki juu. *Tu viens de Mombasa ?* inapanda kwenye *sa*, sio kwenye *ba*. Ukiishusha mwishoni, msikilizaji anaweza kuona unampa taarifa kwamba anatoka Mombasa, atakuitikia *oui* na kusubiri uendelee.

Fanya hivi: jirekodi ukisema *Vous avez une chambre.* halafu *Vous avez une chambre ?* kisha subiri dakika chache usikilize bila kuangalia ulianza na ipi. Kama mwenyewe huwezi kutofautisha, na mwingine hataweza. Na usipandishe sauti mapema kwenye *avez*, sentensi nzima itembee chini, upande mwisho tu.

Njia hii ndo utakayoisikia zaidi watu wakiongea kawaida, dukani, kwenye daladala, nyumbani, kwa marafiki. Kwenye maandishi inakubalika kwenye meseji. Kwenye barua ya kazi usiitumie.

Hatua ya 3: Njia ya pili, bandika est-ce que mbele

Chukua taarifa yako ileile, usiiguse, weka *est-ce que* mwanzoni:

*Est-ce que vous avez une chambre ?*

Inafanya kazi kama ile "je" yetu ya mwanzo wa swali, "Je, mna chumba?", unamtangazia mtu kwamba kinachokuja ni swali. Kwa kuwa umeshatangaza, hulazimiki kupandisha sauti sana mwishoni, na hapo ndo raha yake kwa anayeanza, hata lafudhi ikigoma swali bado ni swali.

Matamshi yake ni "eske", silabi mbili tu, na hiyo *e* ya mwisho midomo inakusanyika kidogo kama unataka kupuliza. Usisome herufi kwa herufi "est-se-kwe". Mtu akiongea haraka utasikia "esk" tu, na vijana kwenye meseji wanaandika *esk* kabisa, wewe ijue ukiiona ila usiiandike kwenye mtihani.

Neno linalofuata likianza na irabu, *que* inakatwa: *Est-ce qu'il y a un parking ?* *Est-ce qu'elle parle anglais ?* *Est-ce qu'on peut payer demain ?* Hapa ritifaa ni sahihi, ile ile ya ng'ombe, kwa sababu kuna herufi e imeondolewa. Kumbuka sababu hiyo, tutairudia.

Onyo kubwa la hatua hii: baada ya *est-ce que* mpangilio unabaki wa taarifa. Mtendaji, halafu kitenzi. *Est-ce que vous parlez*, basi. *Est-ce que parlez-vous* ni kuuliza mara mbili ndani ya swali moja, na ndo kosa ninaloliona kuliko mengine yote kwa watu wa mwezi wa kwanza.

Mimi kwa maoni yangu, kama unaanza na una muda wa kushika njia moja tu ya kuongea, shika hii. Inafaa kwa polisi wa mpakani, kwa mwalimu, kwa muuza mkate, hakuna atakayeona umemvunjia heshima wala hakuna atakayeona unajidai. Halafu inafanya kazi kwa kila nafsi na kila wakati bila masharti, kitu ambacho njia ya tatu haiwezi.

Hatua ya 4: Njia ya tatu, geuza kitenzi na kiwakilishi

Sasa tunafika penyewe. Chukua taarifa, toa kiwakilishi mbele ya kitenzi, kiweke nyuma yake, katikati tia kistari:

*Vous avez une chambre.* → *Avez-vous une chambre ?*
*Tu parles swahili.* → *Parles-tu swahili ?*
*Nous sommes en retard.* → *Sommes-nous en retard ?*
*Ils sont à Bujumbura.* → *Sont-ils à Bujumbura ?*

Kistari sio pambo. *Avez vous* bila kistari ni kosa la tahajia. Na kitenzi hakibadiliki, ile *s* ya *parles* inabaki palepale, watu wanaiondoa sijui kwa nini.

Kwa *tu, nous, vous* huna kazi nyingine, umemaliza. Kwa *je* ni habari nyingine kidogo: kuna vichache vilivyozoeleka, *ai-je, suis-je, dois-je, puis-je*. Angalia hicho cha mwisho, *pouvoir* kwenye taarifa ni *je peux*, lakini kwenye kugeuza ni *puis-je*, huwezi kusema *peux-je*. Vitenzi vingine vyote na *je*, hasa vya -er, achana na kugeuza kabisa, tumia *est-ce que je*. Grama inaruhusu *parlé-je* lakini hiyo utaikuta kwenye vitabu vya zamani, hakuna mtu atakuuliza hivyo barabarani.

Na *ça* usiigeuze. *Ça va ?* inabaki *Ça va ?*, hakuna *Va-ça*.

Kama kuna kukanusha, *ne* na *pas* vinakumbatia ile jozi nzima: *N'avez-vous pas de chambre ?* Kama kitenzi ni cha vipande viwili, wakati uliopita kwa mfano, unageuza kile kisaidizi tu: *Avez-vous reçu mon message ?* Ile *reçu* inakaa nyuma inasubiri zamu yake.

Hatua ya 5: Kagua kama unahitaji t

Hii inawahusu *il, elle* na *on* tu. Watatu hao. Sio *tu*, sio *vous*, sio *nous*, na *ils* na *elles* hawana shida hiyo kama utakavyoona.

Kanuni nzima ni hii: kwenye swali la kugeuza, kabla ya *il, elle, on* lazima isikike sauti ya t. Kila mara. Swali pekee ni kama hiyo t tayari ipo kwenye maandishi au inabidi uilete wewe.

Kwa hiyo angalia herufi ya mwisho ya kitenzi.

Ikiwa ni t, ipo tayari. *Il est* → *Est-il*. *Elle finit* → *Finit-elle*. *On peut* → *Peut-on*. Hiyo t ambayo kwenye taarifa ilikuwa kimya, ukigeuza inafufuka: "e-til", "fini-tel", "pö-ton". Usiongeze nyingine.

Ikiwa ni d, nayo inatosha, kwa sababu hapo d inatamkwa t. *Il prend* → *Prend-il*, inasomwa "pran-til" na hiyo *an* inapitia puani. *Elle vend* → *Vend-elle*. *On répond* → *Répond-on*. Usiongeze kitu.

Ikiwa sio t wala d, leta t yako, iweke katikati, kistari kushoto na kistari kulia:

*Il a* → *A-t-il* ("a-til")
*Elle va* → *Va-t-elle* ("va-tel")
*On parle* → *Parle-t-on* ("parl-ton")
*Il ouvre* → *Ouvre-t-il*
*Il y a* → *Y a-t-il* ("ya-til")

Kiutendaji hiyo ni mikao miwili tu, kitenzi kikiishia a au kikiishia e. Vitenzi vyote vya -er vinaishia e. Wakati ujao wote kwa nafsi hii unaishia a, kwa hiyo *sera-t-il, pourra-t-on, arrivera-t-elle*, kila mmoja anataka t bila ubishi. Kinyume chake ule wakati wa *était, avait, parlait* unaishia t, kwa hiyo *était-il, avait-elle, parlait-on* na hakuna cha kuongeza.

Sasa *ils* na *elles*: kitenzi chao kila siku kinaishia -nt, *ont, sont, vont, parlent*. T ipo. *Parlent-ils* inasomwa "parl-til", sawasawa na *Parle-t-il*, sikio haliwezi kutofautisha, ni maandishi tu. Ndo maana watu wanaandika *parle-t-ils*, wamesikia t wakaiandika pasipo hitaji.

Kwa nini t na sio herufi nyingine? Kwa kifupi, vitenzi vingi vya nafsi hii vilikuwa nayo tayari, *est-il, dit-il, fait-il*, na vile visivyokuwa nayo vikafuata wenzao. Haina maana yoyote. Sio *te*, sio *tu*, sio kifupisho cha neno lolote. Na kwa kuwa haijakata neno lolote, haipewi ritifaa. *A-t'il* ni kosa, *va-t'elle* ni kosa, *a t-il* yenye kistari kimoja nayo ni kosa. Utaiona *Va-t'en !* yenye ritifaa na utasema mbona, lakini ile ni "ondoka zako", t yake ni *te* iliyokatwa, ukimwambia mtu kwa heshima inakuwa *Allez-vous-en* na t inapotea. Ile ya swali haibadiliki kuwa kitu kingine.

Hatua ya 6: Mtendaji akiwa jina, sio kiwakilishi

Watu wengi wanakwama hapa na vitabu vinapita haraka. Taarifa yako ni *La chambre a une moustiquaire*, chumba kina neti. Huwezi kuandika *A-la chambre une moustiquaire*. Kistari kinashika viwakilishi tu, hakishiki majina.

Unachofanya ni kuliacha jina mwanzoni, halafu unaleta kiwakilishi chake nyuma ya kitenzi kama vile unalitaja mara ya pili:

*La chambre a-t-elle une moustiquaire ?*

*Chambre* ni ya kike kwa hiyo *elle*. *Le bus part à 6 heures* → *Le bus part-il à 6 heures ?* Bus ni ya kiume, *il*, na *part* ina t yake. *Les clients paient en francs* → *Les clients paient-ils en francs ?* Ukikosea jinsia ya jina hapa utaonekana, kwa hiyo kama huna uhakika rudi kwenye *est-ce que*, kule jinsia haikuulizi chochote: *Est-ce que la chambre a une moustiquaire ?*

Hatua ya 7: Ongeza où, quand, combien na wenzake

Njia tatu ni zilezile, kinachobadilika ni neno la kuulizia linakaa wapi.

Kwa kuongea linakaa mwisho, kama Kiswahili kabisa, "Unakaa wapi?": *Vous habitez où ?* *Le bus part quand ?* *C'est combien ?*

Kwa *est-ce que* linakaa mbele yake: *Où est-ce que vous habitez ?* *Quand est-ce que le bus part ?*

Kwa kugeuza linakaa mbele ya kitenzi, au mbele ya jina kama lipo: *Où habitez-vous ?* *Où habite-t-il ?* *Quand le bus part-il ?*

Neno moja tu linabadilisha sura, lile la "nini". Mwishoni ni *quoi*, *Vous faites quoi ?* Mwanzoni ni *que*, *Que faites-vous ?* Na kwa njia ya kati ni *Qu'est-ce que vous faites ?* Kuandika *Quoi faites-vous* ni kosa.

Tuunganishe: meseji ya kuulizia chumba

Haya, tupo na gesti yetu ya Bujumbura. Taarifa sita, tunaziandika kwanza kama hatua ya 1 ilivyosema:

1. *Vous avez une chambre pour deux personnes.*
2. *Le petit-déjeuner est compris.*
3. *La chambre a une moustiquaire.*
4. *Il y a un parking.*
5. *On peut payer par téléphone.*
6. *Je peux arriver après 22 heures.*

Unaandika barua pepe kwa mtu usiyemjua, kwa hiyo kugeuza:

*Bonjour,*
*Avez-vous une chambre pour deux personnes du 12 au 15 mai ?*
*Le petit-déjeuner est-il compris ?*
*La chambre a-t-elle une moustiquaire ?*
*Y a-t-il un parking ?*
*Peut-on payer par téléphone ?*
*Puis-je arriver après 22 heures ?*
*Merci d'avance.*

Pitia moja moja. La kwanza ni *vous*, kistari kimoja basi. La pili mtendaji ni jina la kiume, tukaleta *il*, na *est* ina t kwa hiyo hatukuongeza. La tatu jina la kike, *a* inaishia a, t ikaja na vistari viwili. La nne ni *il y a*, hii inachanganya kwa sababu *y* inatangulia: *il* inahamia nyuma, *y* inabaki mbele bila kistari, *a* inataka t. La tano *peut* ina t, kwa hiyo *Peut-on*, wala sio *Peut-t-on*, hili naliona kila wiki. La sita ni *je peux* inayogeuka *puis-je*.

Sasa badala ya kuandika umeamua kupiga simu. Hayohayo kwa mdomo: *Bonjour, est-ce que vous avez une chambre pour deux personnes ? Le petit-déjeuner est compris ? Il y a un parking ? Je peux arriver après 22 heures ?* Unaona nimechanganya njia ya kwanza na ya pili, ndivyo watu wanavyoongea. La kwanza nimelipa *est-ce que* kwa sababu ndo linafungua mazungumzo, mtu bado hajazoea sauti yako na mtandao unakatakata, yanayofuata sauti inatosha. Ukisoma ile barua pepe yote kwa simu, maswali sita ya kugeuza mfululizo, hutakuwa umekosea grama, ila utasikika kama karani anayejaza fomu.

Yapo ya kugeuza yaliyozoeleka hata kwa mdomo na hayamshtui mtu: *Comment allez-vous ?* *Quelle heure est-il ?* Hayo yameze kama yalivyo.

Kwa wanaojiandaa na DELF A1, kwenye mtihani wa kuongea kuna kipande ambapo unapata kadi zenye neno mojamoja na wewe ndo unamuuliza mtahini. Neno ni *sport*, kwa mfano. Tumia *est-ce que* na *vous*: *Est-ce que vous faites du sport ?* Usijaribu kugeuza ili umfurahishe, kwenye presha ile kistari na t vitakuponyoka na utakwama katikati ya sentensi.

Mambo yakigoma

*Nauliza, wananiitikia tu halafu kimya.* Sauti yako inashuka mwishoni. Rudi hatua ya 2 ujirekodi, au weka *est-ce que* mbele.

*Nikiandika a-t-il simu inanibadilishia.* Mara nyingi kibodi iko kwenye lugha nyingine. Badili iwe Kifaransa. Kwenye kompyuta angalia kama programu imegeuza kistari kifupi kuwa kirefu, hilo hutokea ukiacha nafasi pembeni ya kistari, na hapa hakuna nafasi kokote.

*Sijui kama niweke t au nisiweke.* Funika kiwakilishi kwa kidole, angalia herufi ya mwisho ya kitenzi. T au d, acha. Nyingine yoyote, weka. Kama kiwakilishi ulichofunika ni *je, tu, nous* au *vous*, hata usiangalie.

*Niliuliza Vous n'avez pas de chambre ? akajibu si, nikashangaa.* Swali la kukanusha likijibiwa kwa kukubali, Kifaransa hakitumii *oui*, kinatumia *si*. Maana yake chumba kipo. Angejibu *non* ndo hakuna. Angalia hapa maana sisi ukiulizwa "Hamna chumba?" unaweza kujibu "Ndiyo, hakuna", kwa Kifaransa *oui* hapo inamwacha mtu njia panda.

*Nimeandika Est-ce que Marie parle-t-elle français, mwalimu kapiga mstari.* Ana haki, umetumia njia ya pili na ya tatu kwa pamoja. Futa moja: *Est-ce que Marie parle français ?* au *Marie parle-t-elle français ?*

*Nimemsikia mtu wa Kebeki akisema C'est-tu loin ? na hiyo tu sio "wewe".* Umesikia vizuri. Kule kwenye mazungumzo ya kawaida wanabandika *tu* nyuma ya kitenzi kuonyesha swali, kwa nafsi yoyote, mpaka unasikia *Tu veux-tu un café ?* zikiwa *tu* mbili. Ukiishi Montreal utaizoea, ila isiingie kwenye barua wala kwenye mtihani, huko andika *Est-ce loin ?* au *Est-ce que c'est loin ?*